Kitendawili Kisicho na Mji

Aliyelelewa na bibi mwenye vitendawili anaijua kanuni yake. Bibi anasema kitendawili, watoto wanaitika tega. Anatega. Watoto wanataja hiki na kile, wanabishana, na wakishindwa kabisa bibi anadai mji. Wanampa Tanga au Lamu au mji wowote uliowajia kinywani, naye anapokea, anafumbua, na kila mtu anashangaa jinsi jibu lilivyokuwa wazi tangu mwanzo. Kisha anatega kingine.

Katika Ubudha wa Zen, hasa tawi la Rinzai la Japani, mwalimu naye hutega. Anachotega huitwa koani. Ni kisa kifupi au swali linalotoka katika mazungumzo ya walimu wa Kichina wa zamani, na mwanafunzi hukaa nalo mchana na usiku. Tofauti ni kwamba mwalimu huyu hapokei mji. Ukishindwa leo utarudi kesho, na ukishindwa mwaka huu utarudi mwakani. Na hata ukinong'onezwa jibu na mwenzako aliyekutangulia, ukalipeleka neno kwa neno kama lilivyo, utarudishwa ulikotoka. Jibu lililopita jana kwa mwenzako, leo kwako halipiti. Ukilielewa hilo umekwisha kuelewa nusu ya koani ni kitu gani.

Inayojulikana kuliko zote ni ile ya mbwa. Katika karne ya 9 aliishi China mwalimu aitwaye Zhaozhou, ambaye Wajapani humwita Joshu. Siku moja mtawa alimwuliza kama mbwa naye ana asili ya Budha. Joshu alijibu kwa neno moja la Kichina, wu, ambalo kwa Kijapani husomwa mu. Maana yake ni kukanusha.

Mtu anayetaka kulitia neno hilo katika Kiswahili hukwama papo hapo. Sisi tukikanusha hutaja na kinachokanushwa: hana ni yeye, hamna ni humo ndani, hata hapana ina pa ya mahali. Wu haina mwenyewe wala mahali. Labda la tuliyoichukua kwa Waarabu ndiyo inayoikaribia. Kwa hiyo nitaiacha ilivyo, Mu, kama walivyoiacha Wajapani.

Mtawa yule hakuwa akiuliza habari za mbwa. Ubudha wa Mahayana, ambao ndio ulioenea China na Japani, unafundisha kwamba kila kiumbe kina asili ya Budha, yaani ule uwezo wa kuzinduka alioudhihirisha Budha mwenyewe. Mtawa alilijua fundisho hilo tangu siku alizoanza kusoma. Sasa mwalimu mkubwa anamwambia Mu. Akikubali, amelikana fundisho. Akikataa, amemkana mwalimu. Akisema Joshu alikosea, kuna kumbukumbu nyingine inayoonyesha kwamba Joshu huyohuyo aliulizwa tena swali hilo akajibu kwamba mbwa anayo. Kila mlango anaougusa umefungwa kwa nje.

Mwaka 1228 mwalimu wa Kichina aitwaye Wumen, kwa Kijapani Mumon, alikusanya koani 48 katika kitabu kimoja, na hii ya mbwa akaiweka ya kwanza. Alikuwa na sababu ya kuiweka hapo. Yeye mwenyewe alikaa nayo miaka 6, mpaka siku moja ngoma ya chakula ya hekaluni ilipopigwa akazinduka. Katika maelezo yake anawafungia wanafunzi njia mbili za kukimbilia: wasiifasiri Mu kuwa ni utupu, na wasiichukue kama upande mmoja wa kuwapo na kutokuwapo. Njia hizo mbili ndizo kila mtu hukimbilia kwanza. Anachotaka ni mwili mzima, toka kichwani hadi nyayoni, ugeuke kuwa swali moja.

Jina koani lenyewe limetoka mahakamani. Kwa Kichina ni gong'an, meza ya hakimu, kisha likawa na maana ya shauri lililokwisha kuamuliwa ambalo mahakimu wa baadaye hulirejea. Joshu na mtawa ni shauri lililokwisha. Mwanafunzi wa leo analetewa jalada lile, na anayehukumiwa safari hii ni yeye.

Kazi hiyo haifanyiki kwa kufikiri ukiwa unatembea sokoni. Inafanyika kwa kukaa, na hapa neno letu la kutafakari linapotosha kidogo, kwa sababu kutafakari ni kuligeuza jambo huku na huku akilini. Kukaa kwa Zen, ambako Wajapani hukuita zazen, huanza na magoti. Unakalia mto mgumu wa mviringo ili nyonga ziwe juu na magoti yote mawili yaguse chini. Sehemu hizo tatu, makalio na magoti mawili, ndizo zinazoubeba mwili kama mafiga yanavyobeba chungu. Goti moja likining'inia, mgongo utapinda baada ya dakika 10, na kila kitu kitaharibika kuanzia hapo. Mgongo unasimama wima, kidevu kinavutwa ndani kidogo, macho hayafungwi bali yanaangushwa sakafuni hatua moja hivi mbele. Pumzi inaingia na kutoka puani, na uzito wake unausikia chini ya kitovu.

Mikono hulazwa mapajani, kiganja cha kushoto juu ya cha kulia, na ncha za vidole gumba zikigusana kwa wepesi juu ya viganja. Vidole hivyo viwili ndivyo vinavyokusema. Usingizi ukikuingia, vinalala na kuachana kabla hata kichwa hakijainama. Ukijikaza mno, vinasukumana na kuinuka kama paa la kibanda. Mwangalizi anayepita nyuma yenu hana haja ya kuuliza nani amepotea, anatazama gumba tu. Mkononi ana ubao mwembamba mrefu, na anayesinzia hupigwa nao kwenye nyama kati ya shingo na bega. Wote wawili huinamiana kabla na baada. Si adhabu, nyama zile hushikana kwa kukaa muda mrefu, na pigo huziachia.

Muda hupimwa kwa kijiti cha udi. Kikiisha kuungua, kiasi cha dakika 25 hadi 40 kulingana na hekalu, kengele inalia, watu wanasimama na kutembea polepole kwa mstari, kisha wanakaa tena. Mwanafunzi mpya hapewi koani siku hiyo. Anahesabu pumzi, moja mpaka kumi, akipotea anaanza tena moja. Nilipojaribu mara ya kwanza, peke yangu nyumbani kabla ya alfajiri, nilifika nne nikajikuta nawaza deni la duka, na nilipogutuka nilikuwa nahesabu kumi na saba. Asubuhi ile nilielewa kwa nini walimu huanza na hesabu kabla ya Mu: asiyeweza kushika tisa na kumi, hilo neno zito atalishikaje?

Aliyekwisha kutulia ndipo hupewa Mu. Kila pumzi inayotoka inatoka na Mu, kimyakimya, mpaka mwisho wa pumzi. Mwanzoni kuna wewe, na kuna neno unalolitamka. Siku zinapokwenda, hasa katika zile wiki za kukaa mfululizo, neno linakuwa swali, na swali linakuwa kama kitu kilichokwama kooni ambacho huwezi kukimeza wala kukitema. Walimu wa Rinzai huita hali hiyo shaka kuu, na hawaiogopi. Wanaitafuta. Kubwa katika mazoezi hayo yote ni wiki ya tarehe 1 hadi 8 Desemba, inayomalizika siku ambayo Wajapani huadhimisha kuzinduka kwa Budha chini ya mti. Katika kumbi za watawa wanaofuata mila kikamilifu, wiki hiyo hakuna anayelaza mbavu chini. Wanasinzia wakiwa wamekaa.

Na katikati ya kukaa huko kuna kuitwa. Wanafunzi hupanga mstari nje ya chumba cha mwalimu. Zamu yako ikifika unagonga kengele iliyo mbele yako mara mbili, unaingia, unasujudu, unataja koani yako, unatoa jibu. Mwalimu ana kengele ndogo ya mkononi. Akiitikisa, umemaliza, hata kama ulikuwa katikati ya sentensi. Mara nyingi haifiki dakika moja.

Anajuaje? Swali hilo ndilo gumu kwa mtu wa nje, na namna bora ya kulijibu ni kumfuata mtu mmoja. Hakuin alizaliwa mwaka 1686 katika kijiji cha Hara, chini ya mlima Fuji. Mwaka 1708, akiwa kijana wa miaka 22 hivi, alikuwa katika hekalu moja la Takada, upande wa bahari ya Japani, akikaa na Mu usiku na mchana. Kengele ya alfajiri ikalia kwa mbali, na kitu kikakatika ndani yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, alijiona kwamba kwa miaka 200 au 300 hapajatokea mtu aliyezinduka kama yeye. Kiburi kilimjaa.

Wakampeleka Iiyama, milimani, kwa mzee mmoja aliyeishi bila makuu, aliyejulikana kama Shoju Rojin, yaani mzee wa Shoju. Hakuin alimkabidhi shairi alilotunga kuhusu kuzinduka kwake. Mzee akaliweka kando kama jambo la kusomwa vitabuni, akamtaka amwonyeshe alichokiona kwa macho yake. Akamwuliza anaionaje Mu ya Joshu. Kijana akajibu kwa ustadi kwamba Mu haina mahali pa kuishika mtu akatia mkono. Mzee akanyoosha mkono, akambana pua, akaisokota, na kumwambia kwamba yeye amepapata mahali pa kushika.

Jibu la Hakuin lilikuwa sahihi. Mwalimu yeyote wa falsafa ya Kibudha angelipa alama zote. Kosa lake ni kwamba lilikuwa jibu kuhusu Mu, limetoka kwa mtu aliyesimama pembeni akiieleza, na pua yake ikiwa hapohapo usoni, imeshikika kabisa. Alibaki Iiyama miezi kadhaa, akitukanwa kila alipotoa neno. Siku moja alikuwa akiomba chakula mjini, amesimama mlangoni kwa mtu, amezama hata hakusikia akifukuzwa. Mwenye nyumba akamshushia ufagio kichwani. Hakuin akaanguka, akazimia, na alipozinduka, lile fumbo lilikuwa limeachia. Aliporudi, mzee alimtazama kabla hajasema kitu akajua. Kuzinduka kwetu kwa Kiswahili, kwa mtu aliyezimia, na kuzinduka kwa Zen, siku ile vilikuwa jambo moja.

Nadhani hapo kusudi la koani linaonekana kuliko katika maelezo yoyote. Akili ya mtu imezoea kusimama mbali na jambo, kulipa jina na kulipanga. Ubudha wote unasema mateso yetu yanatokana na kuishika nafsi kama kitu kilichojitenga na vingine. Zen inaongeza kwamba hata maelezo mazuri ya fundisho hilo yanaweza kuwa ukuta mwingine, kwa sababu anayeyaeleza bado amejitenga. Koani imetengenezwa ili kila maelezo yaishe. Anapobaki bila cha kueleza, na bado pumzi inatoka na Mu, pengo kati ya anayeuliza na kinachoulizwa hupasuka, na jibu linakuwa kitendo: sauti, ishara, hata kicheko. Mwalimu hasikilizi maneno tu. Anatazama pumzi, macho, kasi, kama fundi wa ngoma anavyosikia ngozi isiyokazwa sawasawa.

Yapo mengi ya kuharibika. Wapo wanaoona nuru au kusikia sauti wakiwa wamekaa, wakadhani wamefika. Mwalimu huwaambia waendelee na pumzi. Wapo wanaoigiza, wanaingia na kupiga kelele ya Mu ya kutikisa kuta. Hao swali la pili huwaumbua, kwa mfano wanapotakiwa kusema Mu ina umri gani. Wapo wanaozama katika utulivu mzito wa giza wakaupenda. Hakuin mwenyewe, aliyekuja kuupanga upya ufundishaji wa koani wa Rinzai, aliugua kwa kujikaza: miguu baridi kama barafu, masikio yakivuma, woga usiokuwa na sababu. Anasimulia kwamba alitibiwa kwa zoezi alilofundishwa na mzee wa pangoni karibu na Kyoto, la kuwazia donge la siagi laini utosini likiyeyuka taratibu na kuteremka mwilini mpaka nyayoni. Tangu hapo alionya sana kwamba pumzi isikae kichwani.

Si Zen yote inayokubali njia hii. Katika karne ya 12 huko China, Dahui alisukuma mbele ukaaji wa kushika neno moja kama Mu, na akawashambulia vikali waliokaa kimya bila swali, akisema huo ni ukaaji wa maiti. Kiongozi wa ukimya alikuwa Hongzhi, wa rika lake. Lakini Hongzhi alipokuwa anakufa mwaka 1157, alimkabidhi Dahui shughuli zake. Huwa nalikumbuka hilo kila ninapoona wafuasi wa siku hizi wakigombana zaidi ya walimu wao.

Ukimya huo uliingia Japani kupitia Dogen, aliyesafiri kwenda China mwaka 1223, akarudi mwaka 1227 na kuandika mwongozo wa kukaa, na mwaka 1244 akaanzisha katika milima ya Echizen hekalu liitwalo leo Eiheiji. Wanaomfuata huitwa Soto. Wao wanaelekea ukutani, Rinzai wanaelekeana. Hawashiki swali wala hawasubiri kupasuka kwa kitu. Dogen alisumbuliwa na jambo moja tangu ujana wake: kama kila mtu ana asili ya Budha tayari, kwa nini walimu wote walihangaika kufanya mazoezi? Jibu lake ni kwamba kukaa si njia ya kwenda kwenye kuzinduka. Kukaa ndiko kuzinduka kunakotenda kazi. Wajapani huita zoezi hilo jina ambalo tafsiri yake nyoofu ni kukaa tu. Kwetu ukiulizwa unafanya nini ukajibu nimekaa tu, maana yake hufanyi lolote. Kwa Dogen, kukaa tu ni kazi inayomtaka mtu mzima, kila pumzi, bila kutegemea malipo. Na hata yeye hakuzitupa koani; alikusanya 300. Soto wanazisoma na kuzihubiri, ila hawazikalii.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kusema hekalu la Kibudha lipo mjini, nikaulize huko. Lipo, lilianzishwa na Wasinhala kutoka Ceylon, na ukifika hutaulizwa habari za mbwa. Hao ni Theravada, tawi la Sri Lanka, Burma na Thailand, na kukaa kwao kunafuata ramani. Chukua njia aliyoieneza mtawa wa Burma, Mahasi Sayadaw, katika karne ya 20. Unakaa, unatazama tumbo. Linainuka, unatambua moyoni kwamba linainuka. Linashuka, unatambua kwamba linashuka. Goti likiuma, unatambua maumivu, unayaangalia yanavyokuja na kuondoka. Kinachotafutwa ni kuona kwa uzoefu mambo matatu: kila kitu hupita, kila kinachopita hakituridhishi, na hakuna nafsi ya kudumu ndani yake. Vitabu vimeorodhesha hatua za ujuzi huo moja baada ya nyingine, na mwalimu humsikiliza mwanafunzi ajue amefika wapi. Mwanafunzi wa Theravada ni shahidi anayeongeza makini ya kutazama. Mwanafunzi wa Mu anatakiwa shahidi mwenyewe aondoke.

Katika Japani yenyewe waumini wengi hawakai kabisa. Honen, aliyeanza kuhubiri mwaka 1175, alifundisha kwamba katika zama hizi mbovu mtu wa kawaida hawezi kujiokoa kwa nguvu zake. Alitaje jina la Budha Amida kwa imani, naye atampokea katika Nchi Safi. Ni tumaini la mkulima asiye na wiki ya kuketi bila kulala, na sioni haki ya kulidharau. Wachina waliziunganisha njia hizo mbili kwa namna ninayoipenda: mtu analitaja jina la Amida, kisha anajiuliza ni nani huyu anayelitaja. Jina la imani likageuka koani bila kubadilishwa hata herufi.

Tibet nako walilijua fundisho la Kichina la kuzinduka kwa ghafla. Mwishoni mwa karne ya 8 mtawa wa China, Moheyan, na mwanazuoni wa India, Kamalashila, walijadiliana kuhusu ghafla na hatua kwa hatua, na mapokeo ya Tibet yanasema Mhindi alishinda. Hadi leo watawa wa madhehebu ya Gelug husoma mantiki kwa miaka mingi na kubishana uani, mwulizaji amesimama akipiga makofi kila anapotupa hoja. Kwao hoja huiandaa akili iweze kuona. Kwa Rinzai hoja ni ngozi ya kuvuliwa.

Hatari ya koani ni kwamba majibu yanaweza kukaririwa, na walimu walilijua hilo zamani. Inasimuliwa kuwa Dahui alichoma vibao vya kuchapia kitabu mashuhuri cha koani cha mwalimu wake mwenyewe, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakikariri badala ya kukaa. Mwaka 1916 ilikuwa zamu ya Japani: mwandishi aliyejificha alichapisha majibu ya koani yaliyokuwa yakipokelewa vyumbani kwa siri, akinuia kuwaaibisha mapadri waliojiita wamezinduka. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1975, na kila mtu anaweza kukisoma. Koani hazikufa. Mwenye kitabu bado lazima agonge kengele, aingie, akae mkono mmoja kutoka kwa mwalimu, na aulizwe lile la pili na la tatu.

Maana Mu ikipita, kazi ndiyo inaanza. Mwalimu atataka Mu igawanywe vipande viwili. Atataka umwonyeshe Mu ukiwa unaoga. Kisha atatega nyingine, pengine ile aliyoitunga Hakuin mwenyewe uzeeni, ya mkono mmoja na sauti yake, na mfululizo wake unaweza kuchukua miaka 10 au 20. Kengele ya mkononi inatikiswa. Mwanafunzi anasujudu, anatoka kinyumenyume, na mlangoni anapishana na mwenzake anayeingia. Hawatazamani. Anarudi kwenye mto wake, anaweka magoti chini, kiganja cha kushoto juu ya cha kulia, na kijiti kipya cha udi kinawashwa.